Muhtasari wa mafao ya bima ya afya: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja na nusu

Tulipokata bima ya afya ya familia mnamo tarehe 1 Machi 2024, dalali wetu, ambaye ofisi yake iko Barabara ya Nkrumah, alitupa vitu viwili: jedwali la mafao la kampuni ya bima, kurasa 14 za Kiingereza cha kisheria, na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja na nusu ambao ofisi yake humwandalia kila mwanachama. Huduma hii haina malipo ya ziada. Ninayoitathmini hapa si bima yenyewe, bali muhtasari huo, kwa kuwa ndio niliousoma na ndio niliouamini.

Nianze na sifa zake. Lugha yake ni safi, maandishi ni makubwa, na mama mkwe wangu aliusoma wote pasipo kuuliza neno. Sehemu ya vipindi vya kusubiri, yaani muda ambao mwanachama mpya hungoja kabla ya kulipiwa, ilikuwa na mistari mitano tu: ajali, hakuna kusubiri; maradhi ya kawaida, siku 30; upasuaji, siku 60; uzazi, miezi 10; magonjwa sugu na yale uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, mwaka mmoja. Niliubandika ndani ya mlango wa kabati na nikaliweka jedwali lenyewe katika faili.

Binti yetu wa miaka sita hakuwemo mwanzoni, maana wakati huo alikuwa akiishi na bibi yake Lamu. Aliporudi Mombasa tulimwongeza kwenye bima kuanzia tarehe 1 Septemba 2024. Kufikia Desemba alikuwa ameshapata mafindofindo mara nne, na usiku alikoroma kama mtu mzima. Daktari wa masikio, pua na koo alimpima akashauri atolewe tonsili pamoja na vinyama vya nyuma ya pua. Nilifungua kabati, nikasoma «upasuaji, siku 60», nikahesabu kwamba siku hizo zilikwisha mwishoni mwa Oktoba, na tukapanga upasuaji ufanyike Ijumaa, tarehe 24 Januari 2025.

Siku mbili kabla, hospitali iliomba kibali cha kampuni ya bima, kama ilivyo desturi kwa mgonjwa yeyote anayelazwa kwa mpango na si kwa dharura. Kibali kilikataliwa. Ndipo nilipolitoa jedwali kwenye faili. Katika ukurasa wa 9 sentensi ya siku 60 ilikuwepo kweli, lakini haikuishia hapo. Iliendelea kusema kwamba ni siku 60 isipokuwa kwa upasuaji wa tonsili, vinyama vya pua, ngiri, bawasiri na uvimbe wa kizazi, ambao husubiriwa mwaka mzima. Aliyeandika muhtasari aliichukua kanuni akaiacha «isipokuwa» yake. Nilielewa baadaye kwa nini orodha hiyo huwekwa kando: ni maradhi yanayokua polepole, ambayo mtu aweza kuwa nayo kwa miaka, akakata bima leo na kesho kutwa akaenda kupasuliwa.

Nilimpigia simu karani wa dalali, naye akanituliza kwamba mwaka wetu ungetimia tarehe 1 Machi, kwa hivyo tusubiri wiki tano tu. Nilishukuru, lakini safari hii nilisoma mwenyewe. Jedwali lilisema kipindi cha kusubiri huhesabiwa tangu tarehe ya kuanza kwa bima ya kila mwanachama mmoja mmoja. Nilikwenda ofisini na karatasi mkononi. Mama mmoja wa makamo, ambaye ndiye msimamizi wa madai pale, aliitazama kadi ya mtoto akasema, «Bibi, hesabu ya binti yako yaanza alipoingia yeye, si mlipoingia nyinyi. Ni mpaka tarehe moja Septemba.» Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa katika muhtasari wala halikunijia akilini: tukichelewa kulipia mwaka mpya na bima ikakatika hata kwa siku moja, vipindi vyote vya kusubiri vitaanza upya kwa kila mmoja wetu. Tulilipa tarehe 26 Februari.

Daktari alikubali kwamba upasuaji ungeweza kungoja, mradi mtoto atibiwe kila koo linapovimba na tumrudishe haraka iwapo pumzi ingekuwa ikimkatika usingizini.

Kwa haki, ofisi ile ilitusikiliza. Mwezi Machi 2025 ilitutumia muhtasari mpya, na huu ni bora kwa mbali. Kila mtu katika familia ana mstari wake, na badala ya «mwaka mmoja» mstari huo unaonyesha tarehe kamili ambayo kila kipindi kinaisha kwake. Mabadiliko hayo peke yake yangeniepusha na fedheha ya Januari.

Sehemu ya vikomo, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni hulipa, nayo imepangwa upya. Katika muhtasari wa kwanza viasi viliwekwa kimoja chini ya kingine kama orodha ya sokoni: kulazwa, shilingi 1,000,000; magonjwa sugu, 300,000; uzazi, 120,000; upasuaji wa masikio, pua na koo, 100,000. Mume wangu alivijumlisha akapata 1,520,000, na alitembea na hesabu hiyo kichwani kwa mwaka mzima. Ukweli ni kwamba ile milioni ni ya familia yote kwa mwaka, na viasi vingine vitatu vimo ndani yake. Kila kinacholipwa kwa uzazi au kwa koo la mtoto kinapunguza milioni ile ile. Sasa viasi vya ndani vimesogezwa kulia kidogo chini ya milioni, na juu yake pameandikwa «vimo ndani ya». Binti yetu alipopasuliwa tarehe 12 Septemba 2025, gharama ilifika 118,000. Kampuni ilitoa 100,000, nasi tukatoa 18,000 ambazo tulikuwa tumeshaziweka kando, kwa sababu safari hii tulijua. Kwa milioni ya familia zilibaki 900,000 hadi mwisho wa Februari.

Lakini sehemu ya matibabu yasiyolipiwa bado ina kasoro ya aina ile ile. Muhtasari unasema «matibabu ya meno hayalipiwi». Jedwali linasema hayalipiwi isipokuwa pale jino lenye afya linapovunjika kwa ajali. Wakati wa tonsili, kuachwa kwa neno hilo kulituahidi tusichokuwa nacho. Hapa kunatunyima tulichonacho, na hasara hii ya pili ni ya kimya, kwa kuwa mtu hawezi kudai kitu asichojua ni chake. Upasuaji wa urembo umeandikwa vivyo hivyo, bila kutaja kwamba mtu aliyeungua au kuumia ajalini hulipiwa kurekebishwa sura. Isitoshe, muhtasari wa Machi 2025 ungali unaitaja NHIF, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, ilhali SHA ilichukua nafasi yake tangu Oktoba 2024. Ni jambo dogo, ila linaonyesha kwamba karatasi ya zamani ilinakiliwa bila kusomwa.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Ningeipa ya nne kama kila mstari ungetaja ukurasa wa jedwali ulikotoka, ili mtu aweze kulinganisha. Nilipeleka maombi hayo kwa barua pepe mwezi Oktoba pamoja na suala la meno. Jibu halijafika, na kwenye nakala iliyo mlangoni pa kabati nimeiandika ile «isipokuwa» kwa kalamu yangu.