Krimu ya macho iliyonivimbisha kope, na losheni ya mwili iliyofanya kazi yake

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu vipodozi, na haya nisingeyaandika kama muuzaji wa duka moja la Kariakoo asingeniambia, mbele ya wateja wengine, kwamba kope zangu zilizovimba ni dalili ya krimu yake kufanya kazi. “Hapo ngozi inatoa sumu, mama,” alisema huku akiendelea kupanga makopo kwenye rafu. “Vumilia kidogo, ikimaliza kutoka utang'aa mwenyewe.” Nilikuwa nimesimama mbele yake, jicho la kushoto likifunguka nusu tu, ngozi ya juu ya kope imekauka na inabanduka magamba membamba, na yeye ananieleza habari za kung'aa.

Nilipomjibu kwamba sitaki kung'aa bali nataka fedha yangu, akatoa hoja ya pili, na hii ndiyo iliyonikera zaidi kwa sababu inasikika kama ina akili ndani yake. Alisema kwamba krimu mbaya huwasha siku ile ile inapopakwa, na kwa kuwa mimi niliitumia kwa muda bila tatizo, basi kosa haliko kwenye krimu. Wateja waliokuwepo walitikisa vichwa kumkubali. Ukweli ni kwamba kuna mambo mawili tofauti yanayochanganywa hapo. Muwasho wa kawaida, ule unaotokana na kitu kikali kugusa ngozi laini, kweli huja mapema, mara nyingi ndani ya dakika au saa chache. Mzio ni jambo jingine. Mwili kwanza hujifunza kukitambua kiambato fulani, kazi inayoweza kuchukua wiki moja au mbili za kukipaka bila kuona chochote, na hata baada ya kukitambua, uvimbe na mwasho huchelewa siku moja hadi tatu tangu ulipokipaka. Mtu anayepata mzio karibu kila mara ataapa kwamba krimu ilikuwa nzuri mwanzoni. Na kope ndizo hulipa kwanza, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, takriban nusu milimita, na tishu iliyo chini yake imelegea kiasi kwamba maji kidogo tu yakijikusanya, uso mzima hubadilika.

Tuje kwenye bidhaa yenyewe. Ni kichupa cha mililita 15 nilichokinunua kwa shilingi 45,000, kikiwa ndani ya kasha lenye maandishi ya dhahabu yanayosema kwamba imejaribiwa na madaktari wa macho. Nyumbani nilikuwa na losheni ya mwili ya kampuni hiyo hiyo, isiyo na manukato, pampu ya mililita 400 kwa shilingi 38,000. Piga hesabu: krimu ni shilingi 3,000 kwa mililita moja na losheni ni shilingi 95. Kwa tofauti ya zaidi ya mara thelathini, nilitarajia kukuta ndani ya kile kichupa kitu ambacho losheni haina. Nilikaa mezani, miwani usoni, nikaziweka lebo mbili sambamba na kuzisoma kiambato kwa kiambato.

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwenda kilicho kidogo, lakini vikishafika chini ya asilimia moja mtengenezaji ana ruhusa ya kuvipanga apendavyo. Kwa hiyo ukitaka kujua ile asilimia moja imeanzia wapi, tafuta kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli, kwani Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia moja, na chochote kilichoandikwa baada yake nacho hakizidi hapo. Kwenye lebo zote mbili mwanzo ulikuwa ule ule: maji, glisirini, alkoholi ya setearili, ambayo licha ya jina lake ni nta ya kulainisha na si spiriti ya kukausha, kisha dimethikoni. Losheni ilikuwa na seramidi, yaani mafuta ya aina ile ile ambayo ngozi hutumia kuziba nyufa zake. Krimu ya macho haikuwa na seramidi. Kafeini, na retinoli ambayo ni aina ya vitamini A, vile viambato viwili vilivyotangazwa kwa maandishi makubwa kwenye kasha, vilikuwa vimejibanza nyuma ya fenoksiethanoli. Na kati ya fenoksiethanoli na hiyo kafeini niliyoilipia, likakaa neno la manukato, likifuatiwa na linaloli na limonini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata anwani. Manukato huandikwa kwa neno moja tu kwenye lebo, lakini ndani ya neno hilo zinaweza kuwemo kemikali nyingi za harufu, nayo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio wa kope. Linaloli na limonini hutajwa peke yake kwa sababu zinapokutana na hewa hubadilika na kuwa chanzo cha mzio, na kichupa chenyewe kilikuwa cha mdomo mpana, kinachofunguliwa asubuhi na jioni na kuingizwa kidole. Sasa niambieni, ni nani aliyekaa ofisini akaamua kwamba losheni ya magoti na viwiko isiwe na harufu, lakini krimu ya kope inukie waridi? Hayo maneno ya kujaribiwa na madaktari wa macho nayo hayakuambatana na maelezo yoyote: walijaribu nini, kwa watu wa namna gani, na waliona nini.

Nikirudi dukani, yule muuzaji alikataa kurudisha fedha lakini akajitolea “kunisaidia”. Alitoa chini ya kaunta kityubu kidogo na kusema nipake usiku, asubuhi kope zitakuwa zimetulia. Nikasoma jina: bethamethasoni. Nadhani hapo sauti yangu ilipanda kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Ni kweli dawa hiyo ingetuliza uvimbe, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa kuwa mtu huona nafuu ya haraka, akaendelea, kisha akiacha uvimbe unarudi, naye anarudi kuipaka. Hiyo ni steroidi yenye nguvu, na jamaa yake klobetasoli, inayopatikana pia ndani ya krimu nyingi za kuchubua, ina nguvu zaidi. Zikipakwa kwenye kope kwa muda hupunguza unene wa ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho hadi kuleta glakoma, ugonjwa unaoiba uwezo wa kuona bila maumivu. Binti anauza dawa ya namna hiyo pamoja na wanja na rangi za midomo, tena kwa tabasamu.

Daktari wa ngozi niliyemwendea hakuchukua muda mrefu. Aliniachisha kila kitu usoni isipokuwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu, akaniandikia haidrokotisoni hafifu ya siku chache chini ya uangalizi wake, na akaniuliza pia kuhusu rangi ya kucha na dawa ya nywele, kwa sababu vitu hivyo hufika kwenye kope kwa njia ya mikono hata kama kucha na kichwa havioneshi dalili yoyote. Kisha nikamweleza kilichonipeleka dukani tangu mwanzo, yaani ule weusi chini ya macho. Alizima taa ya juu, akanipa kioo, akawasha tochi ya simu na kunimulika usoni kwa mbele. Weusi ukapotea karibu wote. Akasema kwamba sehemu kubwa ya ninachokiona ni kivuli cha bonde lililopo kati ya kope ya chini na shavu, bonde ambalo huongezeka kadiri umri unavyosonga, na hakuna krimu inayoweza kulijaza. Ingekuwa ni rangi ya ngozi yenyewe, weusi ungebaki palepale hata mbele ya tochi, na hapo niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, pamoja na krimu ya kukinga jua zingeweza kuupunguza polepole kwa miezi.

Baada ya kope kupona, kwa ruhusa yake, nilianza kupaka ile losheni ya shilingi 95 kwa mililita. Kiasi ni punje ya mchele kwa macho yote mawili, kwa kidole cha pete, juu ya mfupa unaolizunguka jicho na si kwenye ukingo wa kope, kwa kuwa mafuta husogea yenyewe usiku kufuata joto la ngozi. Ile mistari midogo ya ukavu imelainika, kama ambavyo ingelainika kwa kilainishi chochote chenye glisirini. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuhitimisha kwamba krimu za macho ni ulaghai mtupu.

Lakini haki ni haki, hata kwa aliyenikasirisha. Dada yangu, ambaye huamka na mifuko ya maji chini ya macho, anatumia krimu ya macho ya kampuni nyingine isiyo na manukato, yenye kafeini, na mifuko hiyo hupungua kweli kwa saa chache, kwa sababu kafeini hubana mishipa midogo ya damu. Retinoli nayo ina uwezo wa kupunguza makunyanzi, ila kwa subira ya miezi, kwa kiwango kidogo, usiku, na kamwe si kwa mjamzito. Tena si kila losheni inafaa kupelekwa machoni: yenye asidi ya glikoliki, mentholi, urea nyingi au manukato itakuunguza vilevile, na bei yake ndogo haitakuwa faraja. Nayo methilisothiazolinoni, kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi visivyooshwa baada ya kupakwa, ukiiona kwenye lebo ya kitu chochote cha usoni, irudishe rafuni. Bidhaa mpya naijaribu kwanza kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, sehemu ile ile.

Krimu naipa nyota moja. Nilitaka kuipa mbili kwa ajili ya ile glisirini, ambayo haikunikosea, lakini nikikumbuka “utang'aa mwenyewe” mkono unakataa. Duka halipati nyota yoyote, na fedha yangu bado liko nayo. Losheni ingepata tano kama pampu yake isingeacha losheni nyingi chini ya chupa, hadi nikalazimika kuikata kwa kisu cha jikoni.