Nyota mbili, tena kwa shingo upande: kupakia miamala kwa mkupuo kwenye programu ya uhasibu

Nilianza na nyota moja, nikafuta nikaweka tatu, sasa nimerudi kwenye mbili, na nikiendelea kuandika huenda moja ikaanguka. Jina la programu silitaji. Wanaoitumia wataijua kwa tabia zake.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kwa mhasibu yeyote wa Nairobi: taarifa ya benki ya Machi imetolewa kwenye PDF, ikawa faili la CSV lenye mistari 214, inapakiwa yote kwa pamoja. Alama ya kijani ikatokea, mistari 214 imeingia, hakuna hata mmoja uliokataliwa. Jumla ya fedha zilizoingia na zilizotoka ikalingana na ya benki hadi senti. Nani angetilia shaka?

Fungua leja sasa. Miamala ya Machi imetapakaa mwaka mzima, na yote iliyohama iko tarehe 3: tarehe 3 Januari, tarehe 3 Februari, tarehe 3 Aprili, hadi tarehe 3 Desemba ambayo haijafika. Ukiona leja yenye sura hiyo usihangaike kutafuta chanzo kingine. Benki iliandika siku kwanza kisha mwezi, programu ikasoma mwezi kwanza. 05/03 ikawa tarehe 3 Mei, 12/03 ikawa tarehe 3 Desemba. Tarehe 3 Machi ilinusurika kwa sababu ukiigeuza inabaki ileile. Kuanzia tarehe 13, programu iliona hakuna mwezi wa 13 na, badala ya kusimama na kulalamika, ikageuza mpangilio kimyakimya na kuisoma sawasawa. Yaani inakisia mstari mmoja mmoja! Faili moja, safu moja, namna mbili za kusoma.

Ubaya wake ni kwamba urari wa mwisho wa mwaka hautakuonyesha kitu, kwa kuwa jumla haibadiliki. Kinachopotoka ni mwezi. Siku 11 za Machi zimehama, mbili kati yake zimeingia Januari na Februari ambazo ritani zake za VAT zilishawasilishwa, na ritani ya Machi inatakiwa kufikia tarehe 20 Aprili. Kwa hiyo usikague kwa jumla kuu peke yake. Chuja leja kwa mwezi na uhesabu mistari: ukipakia taarifa ya mwezi mmoja, miezi mingine isiongezeke hata mstari.

Nilipopiga simu huduma kwa wateja, dada wa upande wa pili akaniambia, "Mfumo haujakosea, mteja. Faili lako ndilo chafu." Chafu! Kisha akakata kabla sijamaliza neno "tarehe". Niseme ukweli hata kama unanichoma: kwenye mipangilio ya kampuni kuna sehemu ya mpangilio wa tarehe, nayo ilikuja ikiwa MM/DD/YYYY. Kosa ni letu kidogo. Ila ukurasa wa kupakia hautaji mpangilio huo popote, na kukisia kimya si kosa la faili la mtu.

Dawa ni kutoipa programu nafasi ya kukisia. Geuza tarehe ziwe mwaka-mwezi-siku kabla ya kupakia, kama 2025-03-05, ambayo programu hii haiwezi kuisoma kinyume. Ukiwa na tarehe za maandishi kwenye Excel:

```
=TEXT(DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)),"yyyy-mm-dd")
```

Tahadhari, maana hapa ndipo wengi wanaumia mara ya pili. Kompyuta ikiwa na mipangilio ya Marekani, ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, Excel yenyewe inageuza tarehe za siku 1 hadi 12 na kuziacha zile za 13 kwenda juu kama maandishi. Utalijua faili lililoguswa kwa macho tu: tarehe zilizogeuzwa zimelala kulia na zimepoteza sifuri (5/3/2025), zisizogeuzwa zimelala kushoto na sifuri zake (25/03/2025). Kwa faili la namna hiyo, formula ya juu haifai. Futa, rudi kwenye CSV asili, uiingize kupitia `Data > From Text/CSV` na safu ya tarehe uiwekee aina ya `Text`. Ukishahifadhi faili safi usilifungue tena kwa Excel kulitazama. Tumia Notepad.

Lilifuata la M-Pesa, na hapa hasira yangu ilipoteza mwelekeo kidogo. Kwenye taarifa ya M-Pesa, malipo na ada yake ni mistari miwili yenye `Receipt No.` moja. Programu inakagua namba ya kumbukumbu ili usipakie muamala mara mbili, ikaona ada ni marudio, ikaziruka zote. Ukaguzi huo ni mzuri, umeshaniokoa zaidi ya mara moja, na sitaki wauondoe. Lakini ukikuta salio la leja limezidi la M-Pesa kwa kiasi kinacholingana na jumla ya ada, umeshamjua mwizi. Ongeza namba ya mfuatano:

```
=A2&"-"&COUNTIF(A$2:A2,A2)
```

Malipo yatabeba -1, ada -2, na faili lilelile likipakiwa tena kwa bahati mbaya bado litakataliwa, mradi mpangilio wa mistari haujabadilika.

Kuoanisha akaunti ndiko kulikonifanya niweke nyota tatu. Ukishaielekeza safu ipi iende wapi, inakumbuka mwezi ujao, na hilo wengi hawana. Lakini inalinganisha majina herufi kwa herufi. "Umeme" yenye nafasi mwishoni haiioni kuwa ni "Umeme", inaitupa kwenye `Uncategorised Expense` bila neno. Nafasi zinazotoka kwenye PDF mara nyingi si za kawaida, ndiyo maana `TRIM` peke yake haizitoi:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))
```

Mimi naona afadhali kutumia namba za akaunti kuliko majina: jedwali dogo kwenye shiti ya pembeni, jina kama lilivyo kwenye taarifa ya benki kushoto, namba ya akaunti kulia, kisha `VLOOKUP` inayoishia na `FALSE`. Usipoiweka `FALSE`, Excel inaweza kukupa akaunti ya jirani na usijue. Namba zinazoanza na sifuri, kama 0410, ziwe maandishi, la sivyo zinabaki 410 na programu haizitambui.

Basi nyota ya tatu ikabaki. Halafu nikatafuta kitufe cha kutengua kilichopakiwa. Hakipo! Mistari 214 inafutwa ukurasa kwa ukurasa, 50 kwa kila ukurasa, tena lazima uitafute kwanza miezi yote 12 ilikotawanyika. Nyota nimeing'oa. Tangu hapo kila faili langu linabeba alama mwanzoni mwa maelezo, kwa mfano `BK03A`, ili nikiandika alama hiyo kwenye kisanduku cha kutafuta yatoke yote kwa pamoja. Na kabla ya faili zima napakia mistari mitano tu: mmoja wa kabla ya tarehe 12, mmoja wa baada yake, mmoja wenye kiasi cha maelfu chenye koma, malipo ya M-Pesa na ada yake. Mitano kuifuta ni dakika moja.