Jaketi la usiku wa kilele: lipi la kununua, lipi la kuliacha dukani

Ukipanda mlima mrefu kwa siku tano au sita, nguo nyingi utakazobeba hazina kazi ngumu. Siku za chini unatembea na fulana, jioni kambini unaongeza sweta, asubuhi unaivua. Nguo inayopimwa kweli ni moja, nayo hupimwa kwa saa chache tu: jaketi la joto unalovaa usiku wa kuelekea kileleni. Mara nyingi ndilo ghali kuliko nguo zote za safari, na ndilo watu hukosea zaidi kulichagua. Kwa hiyo nimelipanga hilo kwanza, nguo nyingine nitazigusa pale zinapolisaidia au kuliharibia kazi.

Tuanze na baridi yenyewe. Kwa wastani joto la hewa hushuka nyuzijoto 6 hadi 7 za sentigredi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukianzia mita 1,800 kukiwa na nyuzi 25, basi kwenye mita 5,800 mchana uleule utakuta karibu na sifuri. Usiku ni hasi 10, pengine hasi 15. Ongeza upepo: hasi 10 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa humwingia mtu usoni na mikononi kama hasi 21 isiyo na upepo. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kule juu oksijeni ni kidogo, unatembea polepole mno, na mwili unaotembea polepole hutoa joto dogo. Jaketi halitengenezi joto, linatunza lile ulilonalo. Koti linalokutosha unapokimbia asubuhi ya baridi huenda lisikutoshe huko, hata kama kipimajoto kinasoma sawasawa.

Nafasi ya kwanza: jaketi la manyoya ya bata lenye kofia

Manyoya yanayozungumzwa hapa ni yale malaini ya kifuani mwa bata au bata bukini. Yanashika hewa nyingi kwa uzito mdogo, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo joto lako. Kwa gramu moja moja, hakuna kitambaa cha kawaida dukani kinachoyashinda. Usiku wa kilele mara nyingi ni mkavu, na theluji ya baridi kali hukung'utika kabla haijalowesha, kwa hiyo udhaifu mkubwa wa manyoya, yaani maji, haujitokezi sana pale unapoyahitaji.

Kwenye lebo tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya ubora, kwa kawaida kati ya 500 na 900, inayoonyesha manyoya hayo yanavyotuna: kadiri namba inavyopanda ndivyo uzito uleule unavyoshika hewa nyingi zaidi. Kuanzia 650 ni nzuri. Cha pili, ambacho wengi hawakiulizi, ni uzito wa manyoya yaliyomo ndani. Jaketi jembamba lenye gramu 70 za manyoya ya namba 800 linapendeza na linakunjika likaingia mfukoni, lakini hilo ni la kukalia kambini jioni. Kwa kilele cha hasi 10 hadi 15 chenye upepo mimi nisingeshuka chini ya gramu 150, na mtu anayehisi baridi haraka aende hadi 200 au 250. Namba kubwa haiwezi kufidia manyoya machache.

Kofia iliyoshonewa kwenye jaketi si pambo. Bila hiyo upepo huingia shingoni na kutoa nje joto lote lililokusanyika mgongoni. Ikubali kuvaliwa juu ya kofia ya sufu na taa ya kichwani bila kukuvuta kidevu.

Nafasi ya pili: jaketi la nyuzi bandia

Hili limejazwa nyuzi za poliesta zilizotengenezwa ziige manyoya. Ni zito zaidi kwa joto lilelile na hujaza begi, lakini likilowa halilali lote kama manyoya, hukauka haraka, hufuliwa bila wasiwasi na bei yake huwa chini. Kama mlima wako una mvua hadi karibu na kilele, au kama wewe ni mtu wa kutoka jasho jingi, lipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Manyoya yaliyolowa jasho usiku huo hayatakauka kabla hujashuka, na yale yaliyopakwa dawa ya kuzuia maji huvumilia unyevu tu, si kuloweshwa.

Tatizo lake ni umri. Kila linapobanwa kwenye mfuko nyuzi hupoteza sehemu ya mtuno wake, na hazirudi zote. La mtumba lililokuwa zito likiwa jipya linaweza kuwa limebaki na nusu ya kazi yake.

Nafasi ya tatu: flisi mbili na koti la upepo

Flisi ni sweta laini la poliesta: unavaa nyembamba chini, nene juu yake, kisha koti lisilopitisha upepo. Mpango huu unafaa vilele vya chini kidogo, au mtu ambaye tayari ana nguo hizo na hataki kutumia fedha nyingine. Faida yake ni kwamba unaweza kuondoa tabaka moja moja joto linapobadilika, jambo linalotokea mara kumi kwa siku. Lakini flisi peke yake upepo hupita kama kwenye chandarua, kwa hiyo koti la juu likiwa bovu mpango wote umeanguka. Na ukisimama dakika kumi kumsubiri mwenzako, baridi itakupata mapema kuliko aliyevaa manyoya.

Nafasi ya mwisho: koti moja zito

Ni lile koti la majira ya baridi lenye kitambaa cha nje kigumu na pamba nzito iliyoshonewa ndani moja kwa moja. Linashawishi kwa sababu linahisi joto ukilijaribu. Ukianza kupanda nalo utaloa jasho ndani ya nusu saa, na ukilivua umebaki na fulana kwenye upepo. Hakuna katikati. Bitana ikiwa ya pamba halisi, jasho hilo litakaa humo hadi kileleni, na ndilo litakalokupoza.

Kulipima dukani

Likandamize jaketi la manyoya kwa viganja viwili, uachie. Linatakiwa kutuna tena papo hapo. Likibaki limelala, au ukihisi mabonge yenye nafasi tupu katikati, manyoya ni hafifu au yameharibiwa kwa kufuliwa vibaya. Linyanyue mbele ya taa: ukiona mwanga ukipenya kwenye kila mstari wa mshono, ujue nyuzi zimepita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, na hapo upepo utapita. Jaketi la namna hiyo bado linafaa, ila lazima livaliwe chini ya koti la upepo. Sugua kitambaa: vishina vikichomoza vidogo vidogo, litakuwa linamwaga manyoya kila siku.

Kisha vaa kila kitu kwa mpangilio utakaokuwa nao usiku ule: nguo ya ndani ya sufu laini au poliesta, flisi, jaketi, halafu koti la upepo juu. Inua mikono, jikumbatie, inama ufunge kamba za viatu. Koti la nje likibana, linaminya manyoya, na manyoya yaliyominywa hayana hewa. Nimeona watu wenye jaketi zuri sana wakitetemeka kwa sababu hii tu. Nunua koti la nje kubwa, au jaketi lenye nafasi ya kuvaliwa juu ya kila kitu.

Usiku wenyewe unavyokwenda

Chukua mpandaji anayeondoka kambi ya mita 4,700 saa sita usiku, hasi 6, upepo mdogo. Kosa la kawaida ni kuvaa vyote ndani ya hema na kuanza safari ukiwa na raha. Baada ya saa moja mgongo umelowa. Ni afadhali aanze na nguo ya ndani, flisi na koti la upepo, akihisi baridi kidogo kwa dakika kumi na tano za mwanzo. Jaketi likae juu kabisa kwenye begi, si chini ya chupa.

Kwenye mita 5,200 hivi mteremko umekuwa mkali, mwendo umepungua, upepo umeanza. Hapo ndipo jaketi linapotoka, na litoke kabla hajaanza kutetemeka, kwa maana joto lililokwisha kupotea jaketi halilirudishi. Akisimama kupumzika, avae kwanza, anywe maji baadaye. Baridi kali zaidi huja karibu na alfajiri, mara nyingi akiwa juu kabisa na amechoka zaidi, na ndiyo sababu kipimo cha hema la usiku hakitoshi kuchagulia nguo. Jua likishachomoza hali hugeuka: akiwa njiani kushuka atarudi kwenye flisi, pengine kwenye nguo ya ndani peke yake, kabla ya saa nne asubuhi.

Vidole ndivyo hulalamika kwanza. Glavu zisizo na vidole tofauti, zile za mfuko mmoja, zina joto kuliko za vidole vitano kwa sababu vidole hupashana. Vaa glavu nyembamba ndani ili uweze kufungua zipu bila kuacha ngozi wazi, na za nje zifungwe kamba mkononi, maana upepo ukichukua moja hairudi. Miguuni usivae soksi mbili nene kwenye kiatu kinachokubana. Damu ikizuiwa, mguu utaganda ndani ya soksi nzuri kabisa.

Kukodi

Kwa anayepanda mara moja tu, kukodi jaketi zito na kununua nguo za ndani ni mgawanyo wenye akili zaidi kuliko kinyume chake. Nguo ya ndani inagusa ngozi, utaitumia tena, na jaketi lolote bora halifui dafu juu ya fulana ya pamba iliyolowa. Lipime la kukodi kwa kukandamiza na kwa taa kama jipya, vuta zipu mara kadhaa ukiwa umevaa glavu, na angalia kola na mikono: mafuta ya ngozi yakishajaa hapo, manyoya ya ndani hugandamana. Fika siku moja kabla ili kama halifai kuwe na muda wa kubadilisha. Njiani lifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji hadi kambi ya mwisho, na ukifika tu litoe, likung'ute, uliache litune saa kadhaa kabla ya kulivaa.