Kutuma pesa Dar kutoka Uingereza: huduma ipi inafikisha shilingi nyingi?

Maneno “bila ada” ndiyo yanayowapoteza wengi. Huduma ya kutuma pesa hukata sehemu mbili: ada, ambayo inaonekana, na kiwango cha kubadilishia pauni kuwa shilingi, ambacho watu hukipita. Kwa hiyo kila huduma iulizwe swali moja: nikitoa pauni 200 kwa jumla, Dar zinaingia shilingi ngapi?

Tuchukue mfano wenye tarakimu rahisi, kisha uweke za siku yako. Tuseme wastani wa bei ya kununua na kuuza pauni sokoni ni shilingi 3,300. Huduma A haitozi ada, lakini inabadilisha kwa 3,190. Huduma B inatoza pauni 3 na kubadilisha kwa 3,285.

Kwa A, pauni 200 zinafika 638,000. Kwa B unatoa kwanza ada, zinabaki 197, zinafika 647,145. B imezidi kwa shilingi 9,145, ingawa ndiyo yenye ada. Kwa bei ya sokoni zingekuwa 660,000, hivyo gharama halisi ya A ni 22,000 na ya B ni 12,855.

Ila ukituma pauni 50, mambo yanageuka: A inafikisha 159,500, B 154,395, kwa kuwa ada ya pauni 3 ni ileile hata pesa zikiwa kidogo. Kwa viwango hivi zinalingana karibu na pauni 104. Chini ya hapo tunaiweka A mbele, juu ya hapo B. Anayetumia B asigawe pauni 200 mara nne. Atalipa ada nne.

Linganisha dakika ileile, maana kiwango hubadilika, na usiamini kiwango cha ofa ya mteja mpya. Hicho mara nyingi ni cha muamala wa kwanza tu, wa pili unarudi kwenye kawaida. Angalia pia njia ya kulipia: benki nyingi huhesabu malipo ya kadi ya mkopo kama kutoa fedha taslimu, na riba inaanza siku hiyohiyo. Kadi ya kawaida ya benki ni salama zaidi.

Kuna makato ya upande wa Dar pia. Pesa ikiingia M-Pesa au Airtel Money, mama atakatwa kwa wakala anapoitoa, kwa hiyo tuma na ya kutolea. Kama atalipia ada ya shule kwa simu, hana haja ya kuitoa. Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye usajili wa laini. Ukiandika “Mama Asha” wakati laini ina majina ya kwenye kitambulisho cha NIDA, muamala unaweza kuzuiwa au kurudishwa.