Rolon ipi ununue kwa joto la Tanga (nimelizwa 15,000 ndo nimejifunza kusoma nyuma ya chupa)

Jamani mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mtoto wa mamdogo huku Ngamiani, nikasema leo sitaki aibu, nikaingia duka la vipodozi nikatoka na spirei ya 15,000, chupa inang'aa, imeandikwa masaa 48. Muuzaji kaninusisha, "dadangu hii hata ukishinda shamba hunuki." Nikaipiga asubuhi, nikavaa baibui langu la poliesta, saa kumi jioni chini ya turubai nainua mikono kupokea sinia la pilau, najisikia mwenyewe: udi na kitunguu kwa pamoja.

Kufika nyumbani nikageuza chupa. Imeandikwa diodoranti tu. Neno antipaspiranti, yaani ile ya kupunguza jasho lenyewe, halipo popote, na hapo ndo kosa langu lilipo, maana madukani kwetu vyote vinaitwa diodoranti, ukiuliza tofauti unaambiwa "hii inanukia sana."

Sasa sikia, jasho lenyewe halinuki. Kuna jasho la maji na chumvi linalotoka mwili mzima kupoza mwili, halafu kwapani kuna tezi nyingine zinazoanza kazi mtu akibalehe, zinatoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini. Ndo maana mtoto wa miaka mitano anacheza juani kutwa na hana kikwapa. Bakteria wanaoishi kwapani, hasa wale wa jamii ya korinebakteria na stafilokokasi, wanayamega yale majimaji na kinachobaki ndo harufu. Baadhi ya mabaki yana salfa, ndo ile ya kitunguu, mengine ni asidi, ndo ile ya beberu tunayoijua wote kwenye daladala.

Diodoranti inashughulika na hao bakteria na harufu yao, inapunguza wadudu kwa spiriti au dawa nyingine na kufunika kwa manukato, lakini jasho linaendelea kumwagika kama kawaida. Antipaspiranti ina chumvi za alumini, zikikutana na jasho zinaganda zinakuwa kama kizibo kidogo kwenye tundu la jasho, bakteria wanakosa maji na chakula. Haizibi yote, inapunguza tu. Kwa mtu wa Dodoma usiku wa baridi diodoranti labda inatosha, ila kwa unyevu wa Tanga kipindi cha kaskazi mimi sishauri. Kwa hiyo kabla hujanusa kifuniko, geuza chupa, tafuta kwenye viungo neno refu linaloanza na herufi A-L-U-M. Halipo? Basi umeshika pafyumu ya kwapa.

Namba moja kwangu ni Rexona ya rolon, na nasema wazi naipendelea, miaka sasa sijahama. Hata hiyo geuza chupa, maana kampuni moja inaweza kutoa aina zote mbili na chupa zikafanana kama mapacha. Namba mbili Nivea ya rolon, ile yenye alumini, inapoza vizuri ngozi iliyonyolewa ila inachelewa kukauka, ukiwa na haraka inashika nguo. Ubaya wa zote mbili ni kwamba alumini na jasho vikikutana kwenye gauni jeupe linaota manjano kwapani.

Na kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia: paka usiku. Oga, jifute kwapa likauke kabisa, paka, lala. Usiku jasho ni kidogo kwa hiyo vizibo vinapata muda wa kukaa, asubuhi ukioga haviondoki. Mimi nilikuwa napaka asubuhi natoka bafuni bado nina maji, natembea mpaka stendi ya bajaji, yote inachuruzika hadi kiunoni halafu nalaumu rolon.

Namba tatu spirei za diodoranti. Shabu, lile jiwe la bibi, linasaidia kidogo kwa bakteria na ni bei chee. Limao acheni, linachoma, hasa ukiwa umetoka kunyoa.

Ila kabla hujabadilisha rolon piga pasi lile baibui lililofuliwa. Pasi ikipita kwapani ukasikia harufu inapanda na mvuke, basi shida iko kwenye nguo, poliesta inashika yale mafuta kuliko pamba. Langu niliroweka, nikafua kwapa mara mbili na maji ya moto kidogo, baada ya kuyajaribu upande wa ndani kwanza, nikalianika juani limegeuzwa.

Ile spirei niliirudisha dukani, yule kaka akaniambia ishafunguliwa, halafu eti "labda dada una jasho kali." Siku hiyo hiyo kuna mteja ananusishwa kifuniko kilekile. Yangu naipuliza chooni, na huko kwa kweli inafanya kazi.