Kinu cha mwembe na mpira wa kanga kwa mtoto anayerusha kila kitu

Mwanangu ana miaka miwili na miezi miwili. Gari la plastiki nililomnunulia mjini lilidumu siku tatu. Aliligonga sakafuni, gurudumu likachomoka na kijiti cha chuma kikabaki kimejitokeza. Gurudumu lenyewe lilipita ndani ya kile kibomba kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa umri huu, kwa hiyo nikalitupa.

Nikaenda kwa seremala Mwanakwerekwe, nikaagiza gari la mbao ya mwembe lisilo na misumari, pembe zimepigwa msasa mpaka zikawa duara. Nililipa shilingi 15,000. Gari halijapasuka mpaka leo, lakini wiki ile ile alilirusha likampiga dada yake kwenye muundi, akavimba. Hapo nikafahamu kosa langu: kitu kisichovunjika ndicho kinachoumiza kikirushwa. Mtoto huyu alihitaji kitu kigumu cha kugonga na kitu laini cha kurusha, kila kimoja mbali na mwenzake.

Cha kugonga, seremala alinichongea kinu kidogo na mchi mfupi mnene, vyote havina rangi, nikavipaka mafuta ya nazi. Nikivitandikia mkeka, anatwanga mchanga mkavu nusu saa bila kunyanyua kichwa. Kila Ijumaa napitisha kidole kwenye mdomo wa kinu kutafuta ufa au kibanzi, maana mchi unapokula mbao ndipo inapoanza kuchanika. Cha kurusha ni mpira wa vipande vya kanga kuukuu, nimeujaza matambara na kuushona mara mbili. Sufi niliijaribu, ikaganda baada ya kufuliwa.

Vitu peke yake havikumtuliza. Nilikuwa nikipiga kelele "Usirushe!", naye anacheka na kurusha tena, kwa sababu kelele zangu zilikuwa sehemu ya mchezo. Sasa nikiuona mkono unapanda na gari, nachutama, naushika taratibu na kumwambia, "Gari linakwenda chini. Mpira unakwenda pakachani." Kisha nampa mpira, na pakacha liko hatua mbili mbele yake. Akilirusha gari, linapanda juu ya kabati mpaka baada ya kula, bila maneno mengi. Bibi yake naye ilibidi tukubaliane, maana alikuwa akimrudishia pale pale anapolia.

Ilichukua kama wiki tatu. Gari halirushwi tena ila anapokuwa na njaa au usingizi, na saa hizo siliteremshi kabisa. Sahani bado anaisukuma. Nimeona huwa anafanya hivyo akishashiba, basi namfundisha kusema "basi, mama" na naiondoa papo hapo akilisema.

Kinu nakipa nyota tano, mpira tano. Gari nalipa tatu: kama ningeagiza tena, ningetaka lisizidi kiganja changu na liwe jepesi.