Onyesho limefutwa, hela imerudi: uzoefu wangu wa tiketi 12 za taarabu Tanga

Nimesubiri mpaka hela ya mwisho iingie ndipo niandike, kwa sababu ningeandika siku ile ya Ijumaa ningeandika kwa hasira tu, na waandaaji hawa hawakustahili hasira tupu. Kuna walipokosea na kuna walipofanya vizuri kuliko nilivyozoea kuona hapa Tanga. Jina lao silitaji.

Onyesho lilikuwa lifanyike Jumamosi tarehe 4 Mei 2024, usiku, kwenye bustani ya ufukweni Raskazone. Mimi ndiye mweka hazina wa mchezo wetu, kwa hiyo tiketi zote 12 zilipita mikononi mwangu. Bei ilikuwa 15,000 kwa kila moja, na ukilipa kwa simu unaongeza 500 ya huduma. Nane nililipia kwa namba yangu. Nne nilizichukua kwa wakala wao pale Ngamiani siku ambayo simu yangu haikuwa na salio la kutosha: nikampa taslimu, yeye akalipa kwa namba yake, akanikabidhi tiketi. Hizo nne zishike kichwani, ndizo zilizonisumbua baadaye.

Doti za kanga za sare tulishanunua. Kosta ya kuwachukua wenzetu watano wa Pangani na kuwarudisha nilishaiwekea kishika uchumba cha 40,000.

Wiki hiyo kila mtu wa pwani alikuwa anazungumzia kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na wavuvi walikuwa wameambiwa wasitoke. Kwa hiyo nilipoamka Ijumaa nilikuwa nategemea habari. Saa nne asubuhi meseji ikaingia, naiandika kama ilivyokuja:

"Ndugu mteja, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu onyesho la kesho limeahirishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Uongozi."

Meseji hii ndiyo iliyonitia hasara. Tazama neno "limeahirishwa". Kuahirisha ni kusogeza mbele. Limesogezwa hadi lini? Jumapili? Wiki ijayo? Tiketi niliyonayo bado inafaa, au niitupe? Dada yangu wa Pangani akapiga: "Da' mkubwa, ina maana tuje Jumapili?" Sikuwa na la kumjibu. Dereva wa Kosta alikuwa ameniambia mapema kwamba nikifuta safari kabla ya adhuhuri ananirudishia kishika uchumba, ikipita adhuhuri hairudi, kwa kuwa atakuwa ameshawakatalia wengine. Nami sikuthubutu kuikataa gari, maana huenda onyesho lilikuwa kesho kutwa na gari ningeihitaji. Namba iliyotuma meseji haikupokea simu. Adhuhuri ikapita. 40,000 ikaenda.

Upepo wa baharini hakuna mtu wa kuulaumu. Ila neno linaweza kuchaguliwa. Kama wangeandika "limefutwa" saa ile ile ya nne, ningempigia dereva saa nne na dakika tano. Na kama walikuwa bado hawajaamua, wangesema hivyo: "onyesho la kesho halipo, saa kumi na moja jioni tutawaambia kama lina tarehe nyingine au hapana." Hapo ningejua ninachosubiri na ninakisubiri mpaka saa ngapi.

Saa kumi na moja kasoro robo ikaja meseji ya pili, na hii ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine kabisa, au mtu yule yule akiwa ametulia:

"Ndugu mteja, onyesho la taarabu la kesho Jumamosi 4 Mei Raskazone LIMEFUTWA. Hakuna tarehe mpya. Tafadhali usije. Sababu: boti za Unguja zimesimamishwa leo kwa ajili ya kimbunga Hidaya, na wapigaji wetu sita wako huko. Pia jukwaa na maturubai viko ufukweni, fundi amesema hawezi kuvifunga salama kwa upepo uliotabiriwa. Fedha yako yote itarudi kwenye namba iliyolipia, bila makato, kati ya Jumatatu 6 na Ijumaa 10 Mei. Hauhitaji kuomba wala kujaza chochote. Hatutakupigia kukuuliza namba ya siri. Meseji ya asubuhi ilisema limeahirishwa; tulikosea, na tunajua imewachanganya. Tunaomba radhi kwa hilo na kwa safari mliyokwisha kuiandaa."

Niliisoma mara mbili, kisha nikaisambaza kwenye kundi letu kama ilivyo. Nikaona maswali yamekoma. Hata yule dada wa Pangani hakupiga tena.

Sababu waliyoitoa ilinitosha kwa kuwa niliweza kuipima mwenyewe. Kwamba boti zimesimama, nilikuwa nimeshasikia kwenye redio. Kwamba turubai likichukuliwa na upepo linaweza kumwangukia mtu, kila aliyewahi kuhudhuria harusi ya uwanjani anaelewa. Na walisema kilichojulikana Ijumaa ile, hawakutabiri kitakachotokea. Hilo lilikuja kuwasaidia, maana kimbunga kilipofika Mafia Jumamosi kiliishiwa nguvu, na Jumapili watu wakaanza kusema, "Mbona walifuta bure?" Mimi niliwajibu wenzangu kwamba boti zilisimama Ijumaa, na wapigaji walitakiwa wavuke Ijumaa. Onyesho lilikuwa limeshakufa kabla upepo haujaamua unaelekea wapi. Kama wangeandika tu "hali mbaya ya hewa", ningekosa la kusema.

Ile sentensi ya namba ya siri pia ilikuwa na kazi yake. Jumamosi hiyo hiyo mwenzetu mmoja alipigiwa na mtu anayejiita wa "kitengo cha marejesho", anataka amtajie namba ya siri ili amrudishie hela ya tiketi. Akamwambia, "Baba, nimeambiwa hampigi," akakata simu. Namba ile tukaituma 15040, kule zinakopelekwa meseji na namba za matapeli. Sijui kama tapeli alijua juu ya onyesho au alibahatisha, lakini saa ambayo watu mia kadhaa wanasubiri kurudishiwa hela ndiyo saa yake.

Sasa hela yenyewe. Jumatano tarehe 8, mchana, simu ikalia: nimepokea 120,000. Nane mara 15,000. Lakini mimi nililipa 15,500 kwa kila tiketi, na wao wameandika "fedha yako yote, bila makato". Zilipungua 4,000. Wengine wangeacha. Mimi hela si yangu, ni ya watu wanane, na kila mmoja atauliza 500 yake imekwenda wapi. Nikawajibu kwa meseji, nikaambatanisha picha ya ujumbe wa malipo unaoonyesha 124,000. Kesho yake asubuhi akanipigia binti mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ni kweli, tulirudisha bei ya tiketi tukasahau ile ya huduma. Tumewakosea wote, si wewe peke yako. Leo tunawatumia wote iliyobaki."

Jioni 4,000 ikaingia. Hawakuniambia kwamba ile 500 ilikwenda kwa kampuni ya simu kwa hiyo hairudi, jibu ambalo nimewahi kupewa kwingine. Makato ya kutolea kwa wakala nilijilipia mwenyewe, na hilo silihesabu kama kosa, ingawa ukweli ni kwamba mtu anayesoma "bila makato" anaelewa kwamba atashika mkononi kile kile alichotoa. Ingefaa waandike "ya kutolea haimo".

Zikabaki tiketi zangu nne za Ngamiani. Ijumaa tarehe 10 ikapita, kimya. Nikaenda kwa yule kijana wakala. Kumbe hela zilishamfikia tangu Jumatano! Alipokea 405,000 kwa mkupuo mmoja, na Alhamisi akapokea 13,500. Ni tiketi 27, zote alizowalipia wateja kwa namba yake. "Namba iliyolipia" kwa watu 27 ilikuwa ni namba yake yeye. Waandaaji walifuata ahadi yao neno kwa neno, na hela ikaenda kwa mtu ambaye si mwenyewe.

Kijana ni mwaminifu, Mungu amweke. Lakini meseji ya hela haikuwa na namba za tiketi, na hakuna aliyempigia kumweleza. Yeye akadhani ni malipo ya kamisheni yamechanganyika na marejesho, akaogopa kuzigusa. Wateja nao walikuwa nyumbani wakisubiri simu zao zilie. Nilimkuta ana daftari lenye majina ya watu 19 tu, wengine walichukua tiketi wakaondoka bila kuandikwa.

Tulitatua hivi. Kila tiketi ilikuwa na namba, na yeye alikuwa amebaki na vishina. Tukaandika namba zote 27 kwenye karatasi, tukaibandika dukani, na kwenye kundi la mtaa tukaandika kwamba aliyenunua kwake aje na tiketi, namba yake ilingane na kishina, achukue 15,500 na asaini. Nilimwomba pia awapigie waandaaji awathibitishie kwamba anagawa yeye. Mimi nilichukua 62,000 zangu siku ile. Jumatano tarehe 15 alikuwa amebakiwa na tiketi mbili tu ambazo wenyewe hawajatokea.

Hapa ndipo nawapunguzia alama zaidi kuliko kwenye meseji ya asubuhi. Meseji ya asubuhi waliandika kwa haraka. Mawakala waliwaweka wenyewe, walijua kabisa kwamba wananunulia watu. Mstari mmoja ungetosha: "Uliyenunua kwa wakala, hela yako itapitia kwake, nenda na tiketi yako." Na wakala angetumiwa orodha ya namba za tiketi siku moja kabla ya hela.

Kwa jumla nimerudishiwa 186,000 yote, tiketi nane ndani ya siku walizotaja na nne kwa kuchelewa. Ile 40,000 ya Kosta niliwaandikia juu yake. Binti yule yule akanijibu kwamba hawana uwezo wa kulipa usafiri wa watu, ila anakiri kwamba meseji ya asubuhi ndiyo iliyonifanya nisiikatae gari, na akaniomba radhi kwa jambo hilo kwa kulitaja. Nilipenda kwamba hakunizungusha.

Wakiandaa tena nitakwenda. Wale wa Pangani nimeshawaambia kila mmoja alipe kwa namba yake mwenyewe, na picha ya tiketi anitumie.